Nyumba Moja, Mavazi Matatu: Mbao, Tofali na Bati

Mteja anayejenga Tarime au Mugumu akiulizwa ukuta wa mbele auvike nini, mara nyingi huonyeshwa picha tatu za kompyuta: moja ya mbao, moja ya tofali za kuchoma, moja ya bati la rangi. Mara nyingi pia picha hizo zimetengenezwa kwa nyakati tofauti. Ya mbao ina jua la jioni, ya bati ina mawingu, na ya tofali ina maua mlangoni. Mteja huchagua jioni akidhani amechagua mbao.

Dawa yake ni picha moja ya msingi. Mchoraji hutengeneza nyumba yenye kuta za kijivu tupu, anafunga kamera, anafunga jua, mwanga na anga, kisha anatenga sehemu ya ukuta wa mbele ili ibadilike hiyo peke yake. Lakini jua lenyewe lichaguliwe kwa haki, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni ya ghorofa moja pale Mugumu, inayotazama magharibi. Mugumu iko chini kidogo ya Ikweta, na saa kumi alasiri mwezi Machi jua linaipiga nyumba hiyo karibu uso kwa uso. Mbao zilizolazwa zikipandana hutupa vivuli vizuri kuelekea chini, lakini migongo ya bati iliyosimama wima haionekani, na bati linakuwa kama karatasi iliyobandikwa. Hamisha tarehe hadi Juni, saa ileile: jua lipo digrii kama 35 juu ya upeo, na limesogea digrii kama 30 kaskazini mwa magharibi. Sasa linapiga kwa ubavu pia, na migongo ya bati inapata kivuli chake bila mbao kupoteza chake. Hiyo ndiyo tarehe ya kufunga kwa picha zote tatu. Na mchoraji ahakikishe programu imewekwa mahali halisi pa kiwanja. Ikiachwa kwenye mji wa Ulaya, jua litatoka upande usio wake.

Kinachofuata ni vipimo, na hapo mteja anaweza kukagua mwenyewe kwa kidole. Mlango una urefu wa sentimita 210. Tofali lenye kimo cha sentimita 7.5, pamoja na saruji ya 1.5, linatoa kozi ya sentimita 9, kwa hiyo kando ya mlango zihesabike kozi 23 na kidogo. Mbao inayoonekana sentimita 15 ihesabike mara 14. Akikuta kozi 12 tu, tofali hizo zimekuzwa, na nyumba itaonekana ndogo kuliko itakavyokuwa. Tofali zetu za tanuru hazilingani rangi pia: zilizokaa karibu na moto huwa nyeusi zaidi. Doa lilelile likijirudia kwenye ukuta mzima, ujue ni kipande kimoja cha picha kilichorudufiwa.

Kuna kitu kimoja ambacho hakifai kufungwa: unene. Tofali za kulaza mbele ya ukuta huongeza sentimita 11, na dirisha linazama ndani kwa kiasi hichohicho. Kwa jua letu la Juni, juu ya kioo kunaongezeka kivuli cha sentimita 9 hivi. Bati juu ya papi za sentimita 5 linaongeza kama 4 tu. Mchoraji anayebadilisha rangi bila kusogeza kingo za madirisha na kona amelinyima tofali sura yake. Tena tofali lina uzito: linahitaji msingi wa kulibeba na linta juu ya kila dirisha. Mbao na bati hushikwa na ukuta wenyewe. Tofauti hiyo ionekane pale ukuta unapogusa ardhi.

Bati lina hila yake. Linaakisi mwanga mwingi, na programu yenye kujirekebisha mwangaza hupunguza picha nzima ili kulituliza. Kagua hivi: panga picha tatu sambamba, ziba ukuta kwa mkono, tazama udongo wa uani na anga. Rangi ya udongo ikitofautiana, mwangaza umeguswa, na ulinganisho huo haufai.

Hata zikiwa sahihi, picha hizi zinaonyesha siku ya kwanza tu. Mbao isiyopakwa dawa wala rangi hugeuka kijivu kwa jua na mvua, na mchwa hawaonekani kwenye kompyuta. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, omba ubao, tofali na kipande cha bati, viegemeze kwenye ukuta wako saa kumi alasiri, uvitazame ukiwa umesimama pale barabarani wageni watakapopita.