Mizani Yenye Sahani Moja

Uvimbe wa neva ya mizani humwangusha mtu ghafla, mara nyingi siku chache baada ya mafua au homa nyingine ya virusi. Chumba huzunguka mfululizo, matapishi hayakomi, na hali hiyo huendelea siku kadhaa. Masikio husikia kama kawaida, kwa sababu neva ya kusikia, ingawa imepakana na hiyo iliyovimba, ni nyingine.

Wengine huiita neva ya usawa. Jina hilo ni pungufu: usawa ni hali, ilhali mizani ni chombo kinacholinganisha pande mbili, na kulinganisha ndiyo kazi yenyewe. Neva hizi ni mbili, moja kwa kila sikio, na hazinyamazi hata kichwa kikitulia. Kwa kima waliopimwa maabara, kila uzi hutuma mapigo takriban 90 kwa sekunde wakati wa utulivu. Ubongo hausomi mapigo hayo yenyewe. Husoma tofauti ya pande mbili, kama muuza nafaka anavyotazama mtambaa wa mizani. Kichwa kikigeuka kulia, sahani ya kulia huongezewa uzito na ya kushoto hupunguziwa.

Sasa neva ya kushoto imevimba na kunyamaza. Sahani ya kushoto imeondolewa, ya kulia inabaki na uzito wake wa siku zote, na mtambaa unalalia kulia. Ubongo unasoma kwamba kichwa kinageukia kulia bila kusimama, japo mgonjwa amelala kitandani. Ili macho yabaki yakitazama mahali pamoja, unayasukuma polepole kushoto. Yakifika mbali yanarushwa kulia, kisha yanaanza tena. Ulimwengu unaoonekana kuzunguka ni zao la macho hayo yanayoteleza.

Mwaka 1988 watafiti Halmagyi na Curthoys walieleza kipimo kisichohitaji mashine. Mgonjwa hukazia macho pua ya daktari, naye daktari humgeuza kichwa ghafla, kwa pembe ndogo. Kikigeuzwa kulia, macho hubaki puani. Kikigeuzwa kushoto, upande ulionyamaza, macho huchukuliwa na kichwa, kisha huruka kurudi puani. Mruko huo ndio unaoifichua neva iliyougua. Usipoonekana kwa mtu ambaye bado ana kizunguzungu, shaka isielekezwe sikioni: huenda ni kiharusi, na anahitaji hospitali mara moja.

Nafuu huanza hata neva ikiwa bado bubu. Ubongo, hasa ubongo mdogo wa kisogoni, hujifunza kusoma mizani yenye sahani moja, na hujifunza kwa mwendo. Kwa hiyo dawa za kutuliza kizunguzungu hutolewa siku mbili tatu tu, kisha mgonjwa husimama, hutembea na kuzoeza kichwa kugeuka. Baada ya wiki kadhaa wengi hurudi kazini, ingawa kwa baadhi yao kichwa kikigeuzwa upesi kuelekea upande ulionyamaza picha bado huyumba kidogo.