Kwa Nini Matriki Chanya Ina Mwelekeo Wake Chanya

Matriki ni jedwali la namba linalopokea orodha ya namba, yaani vekta, na kutoa orodha nyingine. Kwa kawaida vekta inayotoka huelekea upande tofauti na iliyoingia. Ikitokea kwamba mwelekeo haukubadilika, urefu tu ndio uliobadilika, vekta hiyo huitwa vekta maalumu, na namba iliyoizidisha huitwa thamani maalumu. Si kila matriki inayo vekta ya namna hiyo katika namba halisi: ile inayozungusha kila kitu nyuzi 90 haina hata moja. Lakini mwaka 1907 mwanahisabati Mjerumani Oskar Perron alithibitisha kwamba namba zote za jedwali la mraba zikiwa chanya, lazima iwepo thamani maalumu chanya inayozizidi nyingine zote kwa ukubwa, na vekta yake ina namba chanya tupu.

Chukua matriki ambayo safu yake ya kwanza ya mlalo ni 1 na 2, na ya pili ni 3 na 2. Vekta (1, 1) ikiingia, hutoka (3, 5): namba ya kwanza imekua mara 3, ya pili mara 5. Kiwango kidogo cha ukuaji, 3, na kiitwe sakafu ya vekta hiyo. Kikubwa, 5, kiitwe dari. Rudisha (3, 5) ndani, utapata (13, 19). Sasa sakafu ni 3.8 na dari ni takribani 4.33. Kwa (13, 19) hutoka (51, 77), sakafu ikiwa 3.92 na dari 4.05. Sakafu inapanda, dari inashuka, na katikati yake imebanwa namba 4. Ndiyo thamani inayotafutwa: vekta (2, 3) hutoka (8, 12), mara 4 barabara.

Mbano huu hautokani na bahati ya mfano. Kati ya vekta zote zisizo na namba hasi, tafuta ile yenye sakafu ya juu kuliko zote, ukiacha nje ya hesabu nafasi zenye sifuri. Vekta hiyo ipo kweli, kwa sababu inatosha kulinganisha vekta ambazo jumla ya namba zake ni 1, nazo zimo katika eneo lenye mipaka iliyofungwa. Iite sakafu hiyo r. Kila namba ya vekta imekua angalau mara r. Je, inawezekana baadhi zimekua zaidi ya hapo? Tuseme ndiyo. Basi kuna ziada mahali fulani, na hakuna upungufu popote. Ipitishe ziada hiyo kwenye matriki: kwa kuwa kila namba ya jedwali ni chanya, ziada ya nafasi moja humwagika katika nafasi zote. Vekta iliyotoka sasa inakua kupita mara r kila mahali, na sakafu yake imepita ile tuliyosema ni ya juu kuliko zote. Haiwezekani. Kwa hiyo hapakuwa na ziada: kila nafasi ilikua mara r kamili. Na kwa kuwa matriki chanya haitoi sifuri ikipewa vekta kama hiyo, vekta yenyewe ni chanya tupu.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba hutatua pia swali la thamani nyingine. Chukua vekta maalumu yoyote, hata yenye namba hasi au changamano, ubadilishe kila namba yake kwa ukubwa wake. Alama zilizokuwa zikipingana hazipunguzani tena, hivyo sakafu ya vekta mpya haipungui ukubwa wa ile thamani maalumu. Lakini hakuna sakafu inayopita r. Usawa hupatikana pale tu ambapo hakuna kilichopunguzana, yaani vekta ni ile ile chanya ikiwa imezidishwa kwa namba moja. Katika mfano wetu thamani ya pili ni −1, na vekta yake ni (1, −1). Ukubwa wake ni robo ya 4, ndiyo maana pengo kati ya sakafu na dari lilishuka kutoka 2 hadi 0.53, kisha 0.13: takribani robo kila hatua.

Sifuri zikiingia, hoja inaweza kuvunjika, kwani ziada haisambai tena kote. Matriki ya 0 na 1 juu, 1 na 0 chini, hubadilishana nafasi tu. Thamani zake ni 1 na −1, na vekta (1, 0) huruka huku na huku bila kutulia. Yenye 1 na 1 juu, 0 na 1 chini, haina vekta maalumu iliyo chanya tupu. Georg Frobenius alieleza mwaka 1912 kipi kinabaki matriki ikiwa na sifuri. Waasisi wa Google, kwa upande wao, walizikwepa: katika jedwali la viungo vya kurasa, ambalo karibu lote ni sifuri, walimpa msomaji nafasi ndogo, kwa kawaida asilimia 15, ya kurukia ukurasa wowote. Kila namba ikawa chanya, na orodha ya umuhimu wa kurasa ikapata jibu moja.