Kurusha droni Diani: hesabu ya safari ya kurudi

Mwenye nyumba ya kupangisha Diani, pwani ya kusini ya Kenya, akiagiza video, mara nyingi huomba picha ileile: droni itokee baharini, ipite juu ya miamba na maji ya kijani, kisha nyumba ijitokeze nyuma ya minazi. Ni picha ya sekunde ishirini hivi, lakini matayarisho yake huanza siku nyingi kabla, na huanza kwa ruhusa.

Uwanja wa ndege wa Ukunda uko kilomita chache tu kutoka ufukweni, na ndege za abiria hupita chini zinapotaka kutua. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinakataza kurusha droni ndani ya kilomita 7 za uwanja mdogo, au 10 za uwanja mkubwa, bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani KCAA. Sehemu kubwa ya Diani imo ndani ya duara hilo. Droni yenyewe iwe imesajiliwa, na anayeirusha kwa biashara awe na leseni na cheti cha uendeshaji. Mteja ana haki ya kuomba kuonyeshwa karatasi hizo kabla ya kutoa malipo ya awali. Ridhaa ya mwenye nyumba peke yake haitoshi, kwa sababu ana mamlaka juu ya kiwanja chake tu, si juu ya anga. Tarehe ya kupiga picha isipangwe kabla idhini haijatoka.

Baada ya hapo ndipo uupange upepo, na upepo ndio unaopanga betri. Droni ndogo kama DJI Mini 4 Pro imeandikiwa na watengenezaji wake dakika 34 angani, lakini kipimo hicho ni cha hewa tulivu. Pwani ningepanga kazi ya dakika 20 kwa kila betri, na kuanza kurudi ikibaki asilimia 30.

Tuseme droni inakwenda mita 10 kwa sekunde, na upepo unavuma mita 6 kwa sekunde. Ukiipeleka mita 400 upepo ukiwa nyuma yake, inafika kwa sekunde 25, kwa kuwa mwendo wake umekuwa mita 16. Kurudi inabaki na mita 4 tu, na safari ileile inakula sekunde 100. Anayekadiria betri kwa safari ya kwenda anadanganyika vibaya.

Kusi na kaskazi zote mbili huufikia ufuo huu zikitoka upande wa bahari. Kwa hiyo wengi huogopa kuipeleka droni majini, ilhali mchana safari hiyo ndiyo nafuu: inakwenda ikipambana na upepo betri ikiwa imejaa, na inarudi ikisukumwa. Ya hatari zaidi ni ile ya kuelekea bara, nyuma ya nyumba. Alfajiri hali inaweza kugeuka, kwa sababu umande huvuma kutoka bara kwenda baharini. Ni upepo mpole, lakini unakusukuma kusiko na pa kutua. Hata hivyo mimi ningechagua asubuhi, maana jua linachomoza baharini na kuiangaza nyumba usoni, na upepo wa bahari bado haujapata nguvu.

Usiupime upepo kwa shavu lako tu. Chini umezuiwa na miti na kuta. Pandisha droni hadi mita 40, uiache itulie, uone imeinama kiasi gani. Kisha iendeshe kuelekea upepo utokako usome mwendo kwenye skrini. Ukiwa umeshuka hadi nusu ya ule wa kawaida, fupisha safari zako zote. Ikikwama njiani, ishushe karibu na maji, ambako upepo hupungua. Kitufe cha kurudi nyumbani kinaweza kuipandisha kwanza hadi kimo ulichokipanga, yaani kwenye upepo mkali zaidi. Kimo hicho lazima kipite mnazi mrefu kuliko yote kiwanjani, lakini kisizidi hapo sana.

Kanuni zinataka pia mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika na kazi, na kimo kisichozidi futi 400, karibu mita 120. Mita hizo 50 zina maana. Droni ikizimika mita 40 juu huchukua karibu sekunde 3 kufika chini. Ikiwa ilikuwa inakwenda mita 8 kwa sekunde, inaweza kuangukia mita 20 na zaidi mbele. Ufukwe wa Diani una wapita njia, wauza vinyago na wavuvi, nao hawakukubali kupitiwa juu. Maji yakitoka, watu hutawanyika hadi kwenye miamba na njia ya droni huziba. Kwa hiyo angalia jedwali la maji, uchague asubuhi ambayo maji yamejaa, umweke msaidizi ufukweni mwenye simu, na umwambie jirani saa ya kurusha ili asikutwe uani kwake bila kujua.

Katika makubaliano na mteja andika siku ya akiba, na mwendo wa upepo ambao ukizidi, droni haipai.