Shule, hela na nusukaputi: alama za Kijerumani katika Kiswahili

Maneno ya Kijerumani yaliyobaki katika Kiswahili ni machache mno. Wareno waliacha meza, bendera, mvinyo, leso na gereza. Waingereza wakaacha maneno yasiyohesabika. Wajerumani, waliotawala bara la Tanzania ya leo pamoja na Rwanda na Burundi, wameacha maneno ambayo hayazidi vidole vya mikono miwili hata yale yenye utata yakijumlishwa. Sababu ya kwanza ni muda. Kampuni ya Carl Peters ilianza shughuli zake mwaka 1885, serikali ya Ujerumani ikashika hatamu mwaka 1891, na kufikia mwisho wa 1916 sehemu kubwa ya koloni ilikuwa mikononi mwa Waingereza na Wabelgiji.

Sababu ya pili ina uzito zaidi: Wajerumani walitawala kwa Kiswahili. Mwaka 1887 chuo cha lugha za Mashariki kilifunguliwa Berlin, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo kwa watu waliokuwa wakiandaliwa kwenda kutumikia koloni. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa mmoja wa waliofundisha Kiswahili chuoni hapo. Ofisa aliyefika Dar es Salaam akiwa tayari anajua kusema "askari", "shauri", "akida" na "jumbe" hakuwa na haja kubwa ya kuwafundisha wenyeji maneno ya kwao. Kinyume chake, maneno hayo ya Kiswahili ndiyo yaliyoingia katika Kijerumani cha wakoloni.

Ndiyo maana machache yaliyopenya yanastahili kutazamwa kwa makini. Kila moja lina alama katika sauti zake inayoonyesha lilitoka wapi, na maarufu kuliko yote ni shule.

Kabla ya Wajerumani, mtoto wa pwani alikwenda chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani. Shule za serikali ya kikoloni zilikuwa kitu kipya: hazikufungamana na msikiti wala na misheni, na lengo lake lilikuwa kupata makarani, wakalimani na maakida wanaojua kusoma na kuandika. Iliyosifika zaidi ilikuwa ya Tanga, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ambako gazeti la Kiongozi lilichapishwa kwa Kiswahili hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Taasisi mpya ilikuja na jina lake, Schule.

Neno hilo la Kijerumani lilimfaa msemaji wa Kiswahili kana kwamba lilitungwa kwa ajili yake. Sauti ya mwanzo, ambayo Wajerumani huiandika kwa herufi tatu, ni ileile ya sh katika "shamba" na "shoka". Kisha inafuata u, halafu l. Neno lina silabi mbili na mkazo uko juu ya silabi ya kwanza, na hapo ndipo Kiswahili kingeuweka vilevile, kwa kuwa mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Palipohitaji marekebisho ni mwishoni tu. Irabu ya mwisho ya Schule hutamkwa hafifu, mdomo ukiwa nusu wazi, na Kiswahili hakina sauti hiyo. Sikio la Mswahili likachagua irabu iliyo jirani nayo, e.

Anayetaka kuhakikisha kwamba neno hili halikutoka kwa Waingereza avuke bahari hadi Unguja. Zanzibar iliangukia himaya ya Uingereza mwaka 1890, na huko watu husema skuli hadi leo, katika mazungumzo na katika barua za serikali. Skuli inafuata kanuni za mikopo ya Kiingereza hatua kwa hatua. Konsonanti s na k za mwanzo zimebaki kama zilivyo, na kwa kuwa neno la Kiingereza linaishia na l, Kiswahili kimeongeza i ili silabi ifungwe kwa irabu, sawasawa na ilivyofanya katika "hoteli" na "baiskeli". Ili shule itokane na neno la Kiingereza, k ingebidi ipotee, s igeuke sh, na irabu ya mwisho iwe e badala ya i. Mabadiliko hayo matatu hayaonekani kwa pamoja katika mkopo wowote wa kawaida wa Kiingereza.

Kinachovutia ni kwamba shule na skuli ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanarudi kwenye neno la Kilatini schola, ambalo nalo lilitoka Kiyunani. Katika Kijerumani cha kale neno hilo lilikuwa bado na sauti za sk mwanzoni. Ilikuwa katika Zama za Kati ndipo mfuatano wa sk ulipolainika na kuwa sh. Neno la Kiingereza halikupitia badiliko hilo, likabaki na k yake. Kwa hiyo tofauti inayosikika leo kati ya mwanafunzi wa Tanga na mwenzake wa Mjini Magharibi ni tofauti iliyozaliwa Ulaya karne nyingi kabla ya meli yoyote ya Kijerumani kutia nanga Afrika Mashariki.

Mgawanyo huo unafuata pia mipaka ya kikoloni nje ya Kiswahili. Kinyarwanda kina ishuri na Kirundi kina ishure, zote zikiwa na sh ya Kijerumani, ingawa Wabelgiji waliotawala huko baada ya Wajerumani walikuja na Kifaransa. Kaskazini ya mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, Kikuyu kina cukuru, ambamo k ya Kiingereza ingalipo. Kiswahili cha Kenya, hata hivyo, husema shule. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilijenga lugha sanifu juu ya lahaja ya Kiunguja, lakini katika neno hili ni la bara lililoshika vitabuni, na Unguja yenyewe ikabaki na lake.

Neno la pili, hela, lina tarehe iliyo wazi zaidi. Hadi 1904 rupia ya koloni iligawanywa katika pesa 64, kwa mtindo wa India. Mwaka huo serikali iliamua kwamba rupia moja iwe na sehemu 100, na kila sehemu ikaitwa Heller. Jina lenyewe lilikuwa la kale, la sarafu iliyotokana na mji wa Hall kusini mwa Ujerumani. Ujerumani ilikuwa imekwisha kuliacha, ikitumia marki na fenigi, lakini likafufuliwa kwa ajili ya koloni. Sarafu hizo ndogo ndizo zilizopita mikononi mwa watu wa kawaida: zilinunua chumvi sokoni na kulipa vibarua. Kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898, ilimlazimu hata mkulima wa mbali na pwani kutafuta fedha taslimu, na hivyo jina la sarafu likafika kusikofika Mjerumani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Schule na Heller yote huishia na silabi isiyo na mkazo, lakini moja limetupa e na lingine a. Kama maneno haya yangekopwa kwa kusomwa, r ya Heller ingeonekana na Kiswahili kingeiongezea irabu, tukapata kitu kama "heleri". Haikuwa hivyo. Katika mazungumzo ya kawaida Wajerumani wengi hawaitamki r ya mwisho. Silabi hiyo husikika karibu na a. Mswahili aliandika kwa sikio, si kwa jicho. Akazitenganisha irabu mbili hafifu ambazo mgeni anayejifunza Kijerumani leo huzichanganya kila siku. Konsonanti mbili za l zikawa moja, kwa kuwa Kiswahili hakirefushi konsonanti hiyo.

Waingereza walipoleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, sarafu ya hela ilikwisha thamani. Jina halikufa, lilipanuka tu: kutoka sehemu ya mia ya rupia likawa fedha yoyote ile. Ni njia ileile iliyopitwa na "pesa", ambayo nayo ilikuwa sarafu ndogo ya India. Tanzania hela ingali neno la kila siku, wakati Kenya pesa ndiyo inayotamalaki, kama inavyotarajiwa katika nchi ambayo sarafu ya Kijerumani haikuwa fedha yake.

Nusukaputi ni neno la hospitali, nalo huzidi kupotea kadiri "dawa ya usingizi" inavyolichukulia nafasi. Ni jina la dawa ya kumlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Wazee husema fulani "alipigwa nusukaputi". Maelezo yanayokubalika ni kwamba limeundwa kwa "nusu", lenye asili ya Kiarabu, na kaputt la Kijerumani, yaani kilichovunjika au kuharibika. Mgonjwa amekufa nusu. Kwa sauti, hakuna tatizo: neno linaloishia na t limeongezewa i. Mkazo nao haukuhama. Mjerumani huuweka juu ya silabi ya mwisho, put. I ilipoongezwa, silabi hiyo ikawa ya pili kutoka mwisho, mahali pake halali katika Kiswahili.

Kipimo hichohicho cha sauti husaidia kukataa madai ya uongo. Benki, kwa mfano, hutajwa mara nyingine kuwa ya Kijerumani kwa sababu Wajerumani nao husema Bank. Lakini irabu yao ni a kamili, na ingetupa "banki". E ya benki inatokana na irabu ya Kiingereza iliyo kati ya a na e. Mashine ni kesi ngumu zaidi. Neno la Kiingereza linaishia kwa n katika matamshi, na kwa kawaida lingepata i, kama "treni" na "injini". Na kweli wapo wasemao "mashini". E ya mashine inalingana na Maschine ya Kijerumani kama ya shule inavyolingana na Schule. Ila herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza katika maandishi nayo ni e, na fundi au karani aliyelijua kwa kulisoma angeweza kufika mahali palepale. Ushahidi unaelekea upande wa Wajerumani bila kufunga mjadala.

Bia haina hata mwelekeo. Bier ya Kijerumani na neno la Kiingereza hutamkwa kwa namna iliyokaribiana mno: b, kisha i, kisha irabu hafifu mahali ambapo r imemezwa. Kiswahili kingezigeuza zote mbili kuwa bia. Historia nayo haisaidii, kwa kuwa mataifa yote mawili yalifika na kinywaji hicho, moja likimfuata lingine bila pengo. Inawezekana kabisa kwamba neno liliingia mara mbili, Tanganyika kwa mlango mmoja na Kenya kwa mwingine, kisha yakakutana yakiwa na sura moja.