Kebo Moja, Mitandao Miwili: Simu na Kompyuta Kwenye Soketi Moja

Ofisi nyingi zilijengwa kwa hesabu ya soketi moja ya mtandao kwa kila meza. Zinapohamia simu za IP, wengi hudhani lazima ukuta utobolewe na kebo ya pili ivutwe. Si lazima. Simu nyingi za IP za mezani zina matundu mawili nyuma: moja la kebo inayotoka ukutani, jingine la kompyuta. Ndani yake mna swichi ndogo inayoviwezesha vifaa hivyo viwili kutumia kebo moja.

Lakini kutumia kebo moja hakumaanishi kuwa katika mtandao mmoja. Simu hutuma kwa kawaida pakiti 50 za sauti kila sekunde. Pakiti ikichelewa nyuma ya faili kubwa linalonakiliwa na kompyuta, haifai tena, na msikilizaji husikia maneno yaliyokatika. Kwa hiyo mafundi huigawa swichi ya ofisi katika mitandao isiyoonana, iitwayo VLAN: mmoja wa kompyuta, mwingine wa sauti. Simu hubandika kwenye kila pakiti yake lebo ndogo ya baiti 4 yenye namba ya VLAN ya sauti na kiwango cha kipaumbele. Kompyuta haibandiki chochote, na swichi huweka kila kisicho na lebo katika VLAN ya kompyuta.

Tuchukue meza moja iliyounganishwa na porti ya 12 ya swichi ya Cisco Catalyst. Kompyuta ziko VLAN 10, zenye anwani zinazoanza na 192.168.10. Simu tunazipa VLAN 20, zenye anwani zinazoanza na 192.168.20. Fundi huandika hivi:

```
lldp run
vlan 20
 name SAUTI
interface GigabitEthernet1/0/12
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
 switchport voice vlan 20
```

Mstari wa mwisho hauibandikii simu lebo. Unaifanya swichi iitangazie simu kwamba namba ya kutumia ni 20. Tangazo hilo hupita kwa njia ya CDP, ambayo ni ya Cisco, au LLDP, inayoeleweka na simu za kampuni nyingi. Katika swichi nyingi za Cisco LLDP huja ikiwa imezimwa, ndiyo maana ya mstari wa kwanza.

Kazi ikiisha, fundi asiridhike kwa kusikia mlio wa simu. Afungue menyu ya simu asome anwani yake, kwa sababu anwani hiyo ndiyo inayoonyesha kosa liko wapi.

Ikianza na 192.168.20, mambo ni sawa. Ikianza na 192.168.10, simu haikusikia tangazo, na imeomba anwani kama kompyuta. Kosa hili hujificha, kwa kuwa simu inaweza kupiga na kupokea bila shida hadi siku mtandao utakapojaa. Hapo akague LLDP, kwenye swichi na kwenye simu yenyewe.

Simu ikikosa anwani kabisa, tangazo huenda limefika lakini VLAN 20 haina njia ya kufika kwenye seva ya DHCP inayogawa anwani. Mara nyingi kebo inayounganisha swichi hiyo na swichi kuu haijaruhusiwa kubeba VLAN hiyo. Katika porti ya kebo hiyo huandikwa:

```
switchport trunk allowed vlan add 20
```

Neno `add` lisisahaulike. Likiachwa, amri hufuta orodha nzima iliyokuwapo na kubakiza VLAN 20 peke yake, na kompyuta zote za upande huo hukatika papo hapo.

Mpangilio huu una mipaka yake. Simu ikizimwa au ikijiwasha upya, kompyuta iliyo nyuma yake hupoteza mtandao. Simu yenye tundu la megabiti 100 kwa sekunde huishusha kompyuta hadi kasi hiyo. Kipaumbele kilichomo kwenye lebo husaidia tu pale swichi zote za njiani zilipoelekezwa kukiheshimu. Tena VLAN ya sauti si kufuli: mtu mwenye ujuzi anaweza kuifanya kompyuta yake ibandike namba 20 na kuingia kwenye mtandao wa simu. Ulinzi lazima uwekwe kwenye rauta, kwa kanuni zinazosema nani azungumze na seva ya simu.

Basi kabla ya kulipia kebo mpya, muulize fundi wako kama simu zako zina tundu la pili na kama swichi yako inatambua VLAN ya sauti. Na akimaliza kazi, mwombe akuonyeshe anwani ya kila simu kabla hajaondoka.