Watatu wa Juu, au Wanne?

Kuna kampuni moja ya kubuni yenye wafanyakazi kumi na wanne walioajiriwa miaka ya 1980 na mpaka leo hawajaongezewa hata senti. Bosi wao, KING, bado yuko kwenye 5000. JAMES, karani wa idara ya mauzo, bado anang'ang'ana na 950. Wanaishi ndani ya jedwali liitwalo EMP, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likija pamoja na kanzidata ya Oracle ili wanaojifunza wapate cha kuchezea. Akaunti ya jedwali hilo ilipewa jina la Bruce Scott, mmoja wa waandishi wa programu wa mwanzo wa Oracle, na neno lake la siri lilikuwa tiger, linalosemwa kuwa jina la paka wake.

Jedwali hilo dogo linatosha kabisa kwa swali ambalo ofisi nyingi huliuliza kila mwisho wa mwaka: ni akina nani watatu wanaolipwa zaidi katika kila idara? Masikioni ni swali moja. Kompyuta inalisikia kuwa maswali matatu tofauti, na kila moja lina jibu lake.

Anayeanza kujifunza SQL hukimbilia njia fupi: apange mishahara kutoka juu kwenda chini, kisha akate mistari mitatu ya kwanza. Atapata KING, SCOTT na FORD. Lakini hao ni watatu wa kampuni nzima. Idara ya 30, yaani mauzo, haina hata mtu mmoja kwenye orodha hiyo. Anachotaka ni kila idara ipangwe peke yake, hesabu ianze upya kwa moja kila inapoingia idara nyingine.

Kazi hiyo hufanywa na funksheni za dirisha, zilizoingia kwenye kanuni rasmi za SQL mwaka 2003. PostgreSQL ilizipata mwaka 2009 katika toleo la 8.4, na MySQL ikazisubiri hadi toleo la 8.0 mwaka 2018. Tatu kati yake hutoa namba za nafasi, na tunaweza kuziita zote kwa pamoja:

```
SELECT ename, sal,
  ROW_NUMBER() OVER (PARTITION BY deptno ORDER BY sal DESC) AS rn,
  RANK()       OVER (PARTITION BY deptno ORDER BY sal DESC) AS rk,
  DENSE_RANK() OVER (PARTITION BY deptno ORDER BY sal DESC) AS dr
FROM emp;
```

PARTITION BY deptno ndiyo inayotenganisha idara, na ORDER BY sal DESC huwapanga watu wa kila idara kuanzia mwenye mshahara mkubwa. Majina ya rn, rk na dr nimeyafupisha kwa makusudi, maana katika MySQL ya sasa neno rank limehifadhiwa na lugha yenyewe, na ukilitumia hivi hivi kuwa jina la safu utaambiwa umekosea.

Tuitazame idara ya 20, ya utafiti, kwa sababu ndiko kwenye kisa. Wachambuzi wawili, SCOTT na FORD, wanalipwa sawa, 3000 kila mmoja, na wamempita kidogo meneja wao JONES mwenye 2975. Nani alikubali mpangilio huo sijui, ila majibu yanatoka hivi:

```
ENAME   SAL   RN  RK  DR
SCOTT  3000    1   1   1
FORD   3000    2   1   1
JONES  2975    3   3   2
ADAMS  1100    4   4   3
SMITH   800    5   5   4
```

ROW_NUMBER ni kama mtu anayegawa namba za foleni. Kila anayesimama mbele yake anapewa namba yake, na hakuna wawili wenye namba moja hata kama mishahara yao inafanana.

RANK inajua sare. Humhesabia kila mtu walio mbele yake, ikaongeza moja. Mbele ya SCOTT hakuna mtu, mbele ya FORD hakuna anayelipwa zaidi, basi wote ni wa kwanza. Mbele ya JONES wapo wawili, kwa hiyo yeye ni wa tatu na nafasi ya pili inabaki wazi. Hesabu hii tunaijua tangu ripoti za shule, wanafunzi wawili wanapofungana kileleni na anayewafuata anaandikiwa nafasi ya tatu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwenye mashindano ya kuruka juu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021: Barshim wa Qatar na Tamberi wa Italia waligawana dhahabu, aliyefuata akachukua shaba, na fedha haikuvaliwa na mtu.

DENSE_RANK haihesabu watu. Inahesabu viwango tofauti vya mshahara vilivyo juu ya mtu. Juu ya JONES kuna kiwango kimoja tu, 3000, hata kama kina watu wawili, kwa hiyo JONES ni wa pili. Juu ya ADAMS vipo viwili, 3000 na 2975, naye anakuwa wa tatu.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Karani mwenye 1100, ambaye mshahara wake haufiki hata nusu ya ule wa meneja, anaingia kwenye orodha ya watatu wanaolipwa zaidi, na orodha ya watatu ina watu wanne. Kompyuta haijakosea. Ukiuliza ni nani wamo katika viwango vitatu vya juu vya mshahara, ADAMS ni jibu sahihi. Ila meneja aliyeomba majina ya watu watatu ataona jina la ADAMS na kuuliza kama umelala.

Sasa tuchukue namba hizo tuzitumie kuchuja. Wengi hujikwaa hapa, kwa kuandika WHERE rk <= 3 ndani ya swali lile lile. Kanzidata itakataa. WHERE hufanya kazi mapema, inachagua mistari itakayoingia, na funksheni za dirisha huja baadaye kuipanga iliyobaki. Wakati WHERE inasoma, rk haijazaliwa. Kwa hiyo namba hutolewa kwanza, kisha swali la nje linachuja:

```
WITH p AS (
  SELECT deptno, ename, sal,
    RANK() OVER (PARTITION BY deptno
                 ORDER BY sal DESC) AS rk
  FROM emp
)
SELECT * FROM p WHERE rk <= 3
ORDER BY deptno, rk;
```

Kwa jedwali lilivyo, ROW_NUMBER na RANK hutoa watu tisa wale wale, watatu kwa kila idara. Hili ni jambo la hatari, kwa sababu mtu akijaribu zote mbili na kuona zinalingana ataamini ni kitu kimoja. Tumstaafishe TURNER wa mauzo, mwenye 1500, tuone. Idara ya 30 inabaki na BLAKE 2850, ALLEN 1600, kisha WARD na MARTIN ambao wote wanapata 1250, na JAMES mkiani. Nafasi ya tatu sasa ina watu wawili. RANK inawatoa wote, orodha ya idara inakuwa ya wanne. ROW_NUMBER inamchukua mmoja na kumwacha mwingine.

Nani? Hujaiambia, kwa hiyo itachagua yeyote aliyemkuta mbele. Leo ni WARD. Kesho mtu anabadilisha cheo cha WARD, na katika PostgreSQL kila badiliko huandika nakala mpya ya mstari, ambayo huenda ikakaa mahali pengine kwenye diski. Ripoti ile ile, bila mshahara wowote kuguswa, inamtoa MARTIN. Kama orodha hiyo ndiyo ya bonasi, jiandae kupokea wageni mezani kwako.

Ukilazimika kuwa na watatu kamili, labda kwa sababu zawadi ni tatu tu, basi weka kigezo cha kuvunja sare na kiandike waziwazi. ORDER BY sal DESC, empno humpa nafasi mwenye namba ndogo ya kazi, naye ni WARD mwenye 7521 dhidi ya 7654 ya MARTIN, leo na kesho. Ukiongeza empno hiyo hiyo ndani ya RANK, umeiua: hakuna tena watu wawili wanaolingana kwa kila kitu, na RANK inageuka kuwa ROW_NUMBER kimyakimya. Nimeshakutana na ripoti ya namna hiyo ofisini. Mwandishi wake alitaka tu majina yapangike vizuri kwenye karatasi. Upangaji wa karatasi ni kazi ya ORDER BY ya mwisho kabisa, ile ya nje.

Kujua kama sare imekuathiri ni rahisi. Hesabu mistari yenye rn <= 3, kisha yenye rk <= 3, idara kwa idara. Tofauti ikiwa sifuri, hakuna aliyeachwa nje kwa bahati. Ikiwa moja, kuna mtu mwenye mshahara sawa na wa tatu wako ambaye hakutajwa.

Kuna mtego mmoja zaidi, na huu hauhusiani na sare. Tumrudishe TURNER kazini, kisha tuseme kulipwa ni mshahara pamoja na kamisheni. EMP ina safu ya comm, lakini waliojaziwa ni wanne tu wa mauzo: ALLEN 300, WARD 500, MARTIN 1400, na TURNER sifuri. Wengine wote wana NULL, maana yake hakuna kilichoandikwa. Ukipanga kwa sal + comm, 950 ya JAMES ikijumlishwa na kisichojulikana inakuwa kisichojulikana. Oracle na PostgreSQL, zikipanga kutoka juu kwenda chini, huziweka NULL mwanzoni. MySQL na SQL Server huziweka mwishoni. Kwa hiyo katika Oracle idara ya mauzo inaongozwa na BLAKE na JAMES kwa pamoja, nafasi ya kwanza, kwa sababu tu hawana kamisheni. Katika MySQL wanashuka wote wawili hadi chini, na BLAKE, meneja mwenye 2850, anatoweka kwenye orodha.

Dawa ni kuigeuza NULL kuwa sifuri kabla ya kujumlisha:

```
ORDER BY sal + COALESCE(comm, 0) DESC
```

Hapo BLAKE anashika nafasi ya kwanza kwa 2850, MARTIN anapanda hadi ya pili kwa 2650, na ALLEN anafuata kwa 1900. Mishahara hii yote haifanani, kwa hiyo funksheni zote tatu zinakubaliana. JAMES anarudi kwenye nafasi yake ya sita, na 950 yake.