Kusoma menyu ya Roma: siri iko kwenye "alla"

Karibu kila mkahawa wa Roma hubandika menyu yake mlangoni, na inafaa kuisoma kabla ya kuvuta kiti. Juu huandikwa *antipasti*, vitu vya kufungulia kinywa. Zinafuata *primi*, yaani tambi, wali au supu, kisha *secondi*, ambazo ni nyama na samaki. Mboga zina kichwa chao, *contorni*, na hapo wageni wengi hushangaa: ukiagiza nyama, nyama peke yake ndiyo itakayoletwa. Viazi au mchicha utauagiza mbali na kuulipia mbali.

Ndani ya orodha hiyo utaona kineno kimoja kikirudiwarudiwa: *alla*, au ndugu zake *al*, *ai* na *all'*. Maana yake ni "kwa mtindo wa". Ila menyu haikwambii ni mtindo wa nini. *Alla griglia* na *alla brace* ni kuchoma, na *al forno* ni kuoka. Lakini *alla romana* ni mtindo wa mji wa Roma, na *alla vaccinara* ni mtindo wa wachinjaji ng'ombe. Tena jina la mji halikuhakikishii upishi mmoja. Kule Milano, *risotto alla milanese* ni wali wa zafarani, wakati *cotoletta alla milanese* ni nyama ya ndama iliyopakwa yai na chenga za mkate, ikakaangwa kwa siagi. Kwa hiyo jina la mji lisome pamoja na neno linalolitangulia.

Tubaki Roma, kwa sababu tambi zake nne maarufu ni ukoo mmoja, na ukimjua mmoja umewajua wote. Mzizi ni *cacio e pepe*: tambi, pilipili manga na *pecorino romano*, jibini ngumu ya maziwa ya kondoo yenye chumvi kali. Ongeza *guanciale*, nyama ya shavu la nguruwe iliyotiwa chumvi na kukaushwa, unapata *gricia*. Tia nyanya kwenye gricia, unapata *amatriciana*, jina lililotokana na Amatrice, mji mdogo wa milimani uliobomolewa na tetemeko la ardhi la Agosti 2016. Rudi kwenye gricia, acha nyanya, tia yai, na hiyo ni *carbonara*. Carbonara ya Kirumi haina krimu. Ule ulaini wote unatoka kwenye yai na jibini.

Kwa msafiri asiyekula nguruwe, ukoo huu una habari nzito: watatu kati ya wanne wana nguruwe, na menyu mara nyingi haisemi. Neno la kawaida la nguruwe ni *maiale*, lakini utakayoyakuta ni majina ya vipande vyake: *guanciale*, *pancetta*, *prosciutto*, *speck*, *lardo*, na *strutto* ambayo ni mafuta yake. Uliza bila haya: "C'è maiale?" Kuna nguruwe? Ukitaka kujua kuhusu mvinyo, sema "C'è vino?", kwa sababu nao huingia kwenye mchuzi pasipo kutajwa. Neno linalotisha bure ni *peperoni*. Ukiliona juu ya piza ya Italia, hizo ni pilipili hoho tu.

Anayebaki salama kwa nguruwe ni cacio e pepe, na ndiye mgumu kuliko wote kupika. Tambi zikiwa za moto mno, protini za jibini hushikana na kutoa maji, na badala ya mchuzi laini unapata mabonge yanayovutika kama mpira. Dawa ya wapishi ni maji yaliyochemshia tambi, kwa sababu yana wanga, na wanga huzuia protini zisishikane. Mwaka 2025 wanafizikia Waitalia walichapisha utafiti wa jambo hilihili katika jarida la *Physics of Fluids*. Walikuta kwamba wanga ukiwa chini ya asilimia 1 ya uzito wa jibini, mabonge hayaepukiki. Kiasi kinachofaa ni asilimia 2 hadi 3, na ukizidisha sana mchuzi hukakamaa ukipoa. Kwa gramu 200 za jibini, basi, gramu 5 za wanga wa mahindi zinatosha. Koroga wanga kwenye maji kidogo juu ya moto hadi uwe uji mzito, uache upoe, uchanganye na jibini na pilipili, na tambi ziingie baada ya kupoa kidogo. Sahani ikija mezani, tazama mchuzi: ukiwa umeikumbatia tambi sawasawa, mpishi anaijua kazi. Mabonge upande mmoja na maji upande wa pili ni dalili kwamba moto ulimshinda.

Kwenye secondi, jina linalostahili kujulikana ni *coda alla vaccinara*, mkia wa ng'ombe. Machinjio makuu ya Roma yalikuwa mtaa wa Testaccio hadi yalipofungwa mwaka 1975, na vilivyobaki baada ya wenye fedha kuchukua minofu, yaani mkia, utumbo na maini, viliishia kwa wachinjaji na majirani zao. Sehemu hizo Warumi huziita *quinto quarto*, robo ya tano. Mkia hupikwa na nyanya na figili ya majani, yaani seleri, kwa moto mdogo kwa saa tatu au zaidi, hadi nyama iachie mfupa yenyewe. Ukilazimika kuikata kwa kisu, haijaiva. Mara nyingi huanzwa kwa mafuta ya nguruwe na kutiwa mvinyo, kwa hiyo yale maswali mawili yanahusika hapa pia. Rahisi zaidi ni *abbacchio a scottadito*, mbavu za mwanakondoo zilizochomwa makaani. Jina linamaanisha "inayounguza kidole", kwa kuwa huliwa kwa mkono zikiwa bado za moto.

Kwenye contorni, mtindo wa Roma na mtindo wa Wayahudi wake hukutana juu ya mmea mmoja, *carciofo*, tumba kubwa la ua lenye magamba ya kijani. *Alla romana* hujazwa kitunguu saumu na *mentuccia*, mnanaa wa porini, likafunikwa sufuriani na mafuta ya zeituni na maji, mara nyingi na mvinyo, hadi lilainike kabisa. *Alla giudia* ni upishi wa mtaa wa Ghetto, ambako Papa Paulo wa Nne aliwafungia Wayahudi mwaka 1555. Tumba hukaangwa zima mara mbili: kwanza kwa mafuta ya moto wa wastani ili kiini kiive, kisha magamba hufunuliwa kama ua na kurudishwa kwenye mafuta makali zaidi. Magamba ya nje yanatoka makavu yenye kuvunjika mdomoni, na moyo unabaki laini. Kwa maoni yangu hakuna mboga ya Roma inayolifikia tumba hili.

Mtaa huo bado una migahawa ya *kosher* kwenye Via del Portico d'Ottavia, ambako nguruwe haingii jikoni. Waulize kwanza kama carciofi ni za msimu. Zile za mviringo za Roma huwa bora kuanzia Februari hadi Aprili. Nje ya hapo huenda ukapewa zilizogandishwa, na hizo hazifunuki vizuri kwenye mafuta.